Mauzo Yamepanda, Faida Imeshuka: Chati Inayoonyesha Pesa Ilikopita

Tuchukue kiwanda cha mfano mjini Dodoma, chenye mashine ya kukoboa na kusaga, kinachonunua mahindi soko la Kibaigwa na kuuza sembe kwa viroba vya kilo 25. Mwaka jana kiliuza viroba 10,000 kwa shilingi 30,000 kila kimoja. Mwaka huu kimeuza viroba 12,000, na bei imepanda hadi shilingi 33,000. Mauzo ya unga yametoka shilingi milioni 300 hadi milioni 396. Ongezeko ni milioni 96, na vibarua wanaopakia mizigo wanaweza kushuhudia kwamba mwaka huu hawakupumzika. Lakini hesabu zilipofungwa, faida ilikuwa imetoka milioni 44 hadi milioni 37.

Mwenye kiwanda atauliza hizo milioni 96 zimekwenda wapi, tena na milioni 7 za faida ya zamani juu yake. Jibu limo ndani ya taarifa ya mapato na matumizi, ila limetawanyika. Kila mstari una namba mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu, na msomaji anaachiwa kazi ya kutoa, kujumlisha, na kukumbuka kipi kimeongeza faida na kipi kimepunguza. Mhasibu anaifanya kazi hiyo kwa urahisi. Mwanahisa, mjumbe wa bodi au mwanachama wa chama cha ushirika aliyekuja mkutanoni mara moja kwa mwaka haiwezi, na haina haja ya kumlaumu. Kwa ajili yake ipo chati ya maporomoko.

Chati yenyewe ni rahisi kuieleza. Kushoto kabisa inasimama nguzo ya faida ya mwaka jana, kimo chake milioni 44. Kulia kabisa inasimama nguzo ya faida ya mwaka huu, milioni 37. Katikati yake kuna nguzo fupi zinazoelea hewani, na kila moja inaanzia pale ilipoishia jirani yake. Kilichoongeza faida kinapanda kutoka hapo, kilichopunguza kinashuka. Jicho linazifuata kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayepanda na kushuka ngazi, na likifika mwisho linatua juu ya nguzo ya mwaka huu. Washauri wa biashara wa kampuni ya McKinsey ndio wanaotajwa sana kwamba waliieneza, na wengi katika fani hiyo huiita daraja la faida, kwa sababu inaunganisha namba ya upande mmoja na namba ya upande wa pili.

Inaweza kuchorwa kwa mwaka mmoja tu: unaanza na mauzo, unaondoa gharama moja baada ya nyingine, unaishia kwenye faida. Hiyo ni picha nzuri ya kumfundisha mtu biashara inavyokula pesa, lakini mwenye kiwanda anaijua tayari. Kinachomsumbua ni kwa nini mwaka huu si kama mwaka jana. Ndiyo maana hapa nitabaki na daraja la kutoka mwaka hadi mwaka, ambalo ni gumu zaidi kuliandaa na lina majibu mengi zaidi.

Ugumu wake hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye kuamua nguzo ziwe zipi.

Tuzione hesabu zenyewe, zote kwa mamilioni ya shilingi. Mwaka jana kiwanda kilipata 300 za unga na 30 za pumba zilizouzwa kwa wafugaji. Kilitumia 210 kununua mahindi, 18 za umeme, 8 za mifuko ya kufungashia, 14 za kusafirisha unga kwa mawakala, 24 za mishahara na 12 za pango na mengine. Jumla ya matumizi ni 286, faida 44. Mwaka huu unga umeleta 396 na pumba 38. Mahindi yamekula 294, umeme 21.6, mifuko 9.6, usafiri 22.8, mishahara 33, pango na mengine 16. Jumla ya matumizi ni 397, faida 37.

Njia ya haraka, na ndiyo inayotumika sana, ni kuchukua kila mstari na kutafuta tofauti yake. Unga umeongeza 96, pumba 8, mahindi yamepunguza 84, usafiri 8.8, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Ukijumlisha zote unapata pungufu ya 7, kwa hiyo hesabu inafunga na chati itachoreka. Lakini itazame. Nguzo moja kubwa ya 96 inapaa hadi darini, nyingine kubwa ya 84 inashuka pembeni yake, na nyingine zote zimebaki vipande vyembamba ambavyo hata maandishi hayatoshei. Msomaji ataondoka na neno moja tu: mahindi. Atadhani mahindi ndiyo yaliyokiumiza kiwanda kwa milioni 84.

Si kweli, au si kweli yote. Kiwanda kimenunua mahindi mengi zaidi kwa sababu kimesaga viroba vingi zaidi, na viroba hivyo vimeuzwa. Sehemu kubwa ya zile milioni 84 si hasara. Ni malighafi iliyogeuka unga na kurudi dukani kama pesa. Vivyo hivyo zile 96 za mauzo: sehemu yake imetokana na kuuza viroba vingi, sehemu imetokana na kuuza kila kiroba kwa bei ya juu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwenye kiwanda anayashughulikia kwa njia tofauti. Chati inayoyachanganya inampa picha safi ya jambo ambalo halikutokea.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, tenganisha wingi na bei. Anza kwa kujiuliza kiroba kimoja kiliacha kiasi gani mwaka jana. Kiliuzwa shilingi 30,000. Pumba zake zilileta 3,000. Ili kupata kilo 25 za sembe kiwanda hiki kinatumia kilo 35 za mahindi, kwa kuwa kukoboa kunaondoa ganda na kiini, na mwaka jana kilo moja ilikuwa shilingi 600. Hapo ni 21,000. Umeme ulikuwa 1,800 kwa kiroba, usafiri 1,400, mfuko wenyewe 800. Ukiondoa yote hayo, kinabaki 8,000. Mishahara na pango sikuviingiza, kwa sababu havipandi kwa kila kiroba kinachoongezeka. Msimamizi wa ghala analipwa vilevile ukisaga viroba mia au mia mbili.

Mwaka huu viroba vimeongezeka 2,000. Kama kila kitu kingebaki kama mwaka jana, vingeacha 2,000 mara 8,000, yaani milioni 16. Hiyo ndiyo nguzo ya wingi, na inashuka kutoka 96 hadi 16 ukilinganisha na ile ya haraka. Ni tofauti ya kumfanya mtu akae vizuri kwenye kiti.

Sasa nguzo ya bei ya unga. Kila kiroba kimeuzwa shilingi 3,000 zaidi, na vimeuzwa viroba 12,000, kwa hiyo bei imeongeza milioni 36. Nguzo ya bei ya mahindi: kilo imepanda kutoka 600 hadi 700, kila kiroba kinakula kilo 35, viroba ni 12,000, imepunguza milioni 42. Pumba kwa kiwango cha mwaka jana zingeleta 36, zimeleta 38, kwa hiyo nguzo yake ni ongezeko la 2. Usafiri kwa kiwango cha zamani ungekuwa 16.8 na umekuwa 22.8, pungufu ya 6. Umeme na mifuko vimelipwa kwa kiwango kilekile kwa kila kiroba, kwa hiyo havina nguzo kabisa. Kilichoongezeka kwao kimo tayari ndani ya wingi. Mishahara imepunguza 9, pango na mengine 4.

Hapa kuna uamuzi mdogo ambao lazima ujulikane, maana wahasibu wawili wanaweza kuleta chati mbili tofauti kutoka vitabu vilevile. Nimezidisha ongezeko la bei kwa viroba vya mwaka huu, 12,000, nikapata 36. Mwingine angezidisha kwa viroba vya mwaka jana, 10,000, akapata 30, kisha akabaki na milioni 6 zinazotokana na bei mpya juu ya viroba vipya. Hizo 6 ni za wingi au za bei? Ni za vyote viwili kwa pamoja, na hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kuzigawa bila mtu kuchagua. Mimi napendelea kupima wingi kwa viwango vya zamani na bei kwa wingi mpya, kwa sababu hakuna kipande kinachobaki bila jina. Lakini ukichagua njia moja, iandike chini ya chati na uitumie kila mwaka. Anayebadilisha njia mwaka hadi mwaka anaweza kuifanya nguzo yoyote ikue apendavyo.

Baada ya hapo jedwali linakuwa fupi:

```
Faida mwaka jana     44
Wingi                16
Bei ya unga          36
Bei ya mahindi      -42
Pumba                 2
Usafiri              -6
Mishahara            -9
Pango na mengine     -4
Faida mwaka huu      37
```

Mpangilio wa mistari hiyo nimeuchagua kwa makusudi. Baadhi ya watu huweka nguzo zote zinazopanda kwanza, kisha zote zinazoshuka, na chati yao inakuwa kilima kimoja kisichosema lolote isipokuwa kwamba kuna mazuri na mabaya. Kubadilisha mpangilio hakubadilishi urefu wa nguzo yoyote wala mahali pa kuishia. Kinachobadilika ni nini kinakaa karibu na nini. Bei ya unga na bei ya mahindi zinapaswa kugusana, kwa sababu mwenye kiwanda alipandisha ya kwanza ili kufidia ya pili, na anayetazama anatakiwa aone papo hapo kama fidia ilitosha.

Kuchora kwenyewe ni kazi fupi kwa mwenye Excel ya mwaka 2016 au ya baadaye, maana tangu toleo hilo aina hii ya chati imo ndani ya programu. Andika jedwali katika safu mbili, majina kwenye A na namba kwenye B, kichwa kikiwa mstari wa kwanza. Lichague lote, fungua `Insert`, kisha kwenye sehemu ya chati chagua `Waterfall`. Chati itatokea, na itakuwa na kosa. Programu haijui kwamba 37 ya mwisho ni jumla. Inadhani ni ongezeko jingine, kwa hiyo inaipandisha juu ya 37 iliyokwisha kufikiwa na kuifikisha 74. Bofya nguzo hiyo mara moja, nguzo zote zitachaguliwa. Bofya tena, itabaki hiyo peke yake. Kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague `Set as Total`. Nguzo itashuka na kusimama chini, mahali pake. Fanya hivyo pia kwa ile ya kwanza, 44. Yenyewe imesimama sawa tayari, lakini bila hatua hiyo itapakwa rangi ya ongezeko, na msomaji atajiuliza imeongezeka kutoka wapi.

Google Sheets nayo ina `Waterfall chart` katika orodha ya aina za chati. Kwa mwenye Excel ya zamani, au programu isiyo na aina hii, kuna njia iliyotumika kwa miaka mingi kabla ya 2016, nami naamini kila anayeandaa hesabu anapaswa kuifanya angalau mara moja kwa mkono, kwa sababu inaonyesha chati imejengwaje ndani. Siri yake ni nguzo isiyoonekana. Unachora nguzo za kupandana, yaani vipande vinavyokaa kimoja juu ya kingine, halafu kipande cha chini unakiondolea rangi. Kilichobaki juu kinaonekana kama kinaelea.

Faida ya mwaka jana ikiwa kwenye mstari wa 2, vipengele saba kwenye mistari ya 3 hadi 9, na faida ya mwaka huu kwenye mstari wa 10, andika hivi:

```
C2: =B2
C3: =C2+B3
D3: =MIN(C2,C3)
E3: =MAX(B3,0)
F3: =MAX(-B3,0)
G2: =B2
G10: =B10
```

Safu ya C ni mahali tulipofika baada ya kila hatua: 44, 60, 96, 54, 56, 50, 41, 37. Safu ya D ndiyo kipande kisichoonekana, na inachukua namba iliyo ndogo kati ya tulipotoka na tulipofika, kwa sababu nguzo inayoelea daima inaanzia chini yake, iwe inapanda au inashuka. E inabeba ongezeko, F inabeba pungufu, G inabeba nguzo mbili za jumla. Nakili fomula za mstari wa 3 kwenda chini hadi mstari wa 9. Chagua safu ya A pamoja na D hadi G, chora kwa aina ya `Stacked Column`, kisha bofya vipande vya D na uvipe `No Fill`.

Njia hii ina mpaka wake. Inafanya kazi maadamu safu ya C haijashuka chini ya sifuri. Kiwanda kikiingia kwenye hasara katikati ya njia, nguzo moja italazimika kugawanyika, nusu juu ya mstari wa sifuri na nusu chini yake, na fomula hizi hazilijui hilo. Zitachora kitu kinachofanana na chati lakini kisicho sahihi. Aina iliyomo ndani ya Excel inavuka sifuri bila shida. Kwa biashara inayoyumba kati ya faida na hasara, tumia hiyo.

Iwe kwa njia yoyote, kuna kipimo kimoja kisichokwepeka: tulipofika kwenye C9 lazima palingane na faida iliyomo vitabuni. Andika kwenye kisanduku cha pembeni `=C9-B10` na usiendelee hadi kiseme sifuri. Kosa linalojitokeza zaidi ni la alama. Katika vitabu gharama huandikwa bila alama ya kutoa, kwa hiyo mtu ananakili usafiri kama 6 badala ya -6. Faida itaishia 49 na kisanduku kitasema 12. Hapo usianze kupekua risiti zote. Gawanya 12 kwa mbili, unapata 6, kisha tafuta mstari wenye 6. Alama iliyogeuzwa daima huleta tofauti iliyo mara mbili ya namba yenyewe, na wahasibu wa zamani waliokuwa wakifanya kazi kwa daftari walitumia ujanja huu kila jioni. Tofauti ikiwa sawa kabisa na namba fulani, si mara mbili yake, basi kipengele hicho kimesahaulika au kimeingizwa mara mbili.

Kosa lingine halionekani kwenye kisanduku chochote, kwa sababu namba zote ni sahihi. Ni la kukata mhimili wa wima. Nguzo za katikati zikionekana fupi, mchoraji anashawishika kuuanzisha mhimili kwenye 30 badala ya sifuri ili zinyooke. Zitanyooka kweli. Lakini nguzo za jumla zitakatwa miguu: 44 itaonekana na kimo cha 14, na 37 itaonekana na kimo cha 7. Anayetazama ataona faida imepungua nusu, ilhali imepungua chini ya sehemu moja kwa sita. Mwanahisa aliyepigwa mshtuko wa namna hiyo mkutanoni hatasikiliza maelezo yanayofuata, na ana haki. Anzia sifuri. Kama nguzo ni fupi mno kusomeka, tatizo liko kwenye uchaguzi wa vipengele. Unganisha vidogo viwili vitatu vyenye asili moja.

Kuunganisha nako kuna mpaka. Kwenye mfano wetu pango na mengine ni 4, kiasi kinachovumilika. Kama hilo fungu la mengine lingekuwa 15, kubwa kuliko mishahara na usafiri, chati ingekuwa inaficha badala ya kuonyesha, na mjumbe makini angeuliza kuna nini humo ndani. Fungu lisilo na jina lisizidi nguzo yoyote yenye jina.

Kuhusu rangi, kijani kwa kupanda na nyekundu kwa kushuka ni desturi, lakini chati za mkutano mara nyingi hutolewa fotokopi, na kwenye fotokopi rangi hizo mbili zinakuwa kijivu kimoja. Wapo pia wajumbe ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Weka namba juu ya kila nguzo pamoja na alama ya + au -, na chati itasomeka hata bila rangi.

Sasa tuisome chati iliyokamilika, maana hapa ndipo kazi yote inapolipa. Kutoka 44 tunapanda hadi 60 kwa sababu ya wingi. Bei ya unga inatupeleka 96, bei ya mahindi inatushusha hadi 54, pumba zinatuinua hadi 56. Simama hapo kwanza. Baada ya mabadiliko yote ya bei, sokoni na ghalani, tumerudi nyuma milioni 4 kutoka pale wingi ulipotufikisha. Fidia haikutosha. Kwa kiroba kimoja ni hivi: mahindi yamepanda shilingi 3,500, unga umepanda shilingi 3,000.

Kisha usafiri, mishahara na pango vinashusha 19 kwa pamoja, zaidi ya zile 16 zilizoletwa na viroba vipya. Hilo ndilo jambo ambalo taarifa ya kawaida ilikuwa imelificha. Huenda viroba 2,000 vya nyongeza vimeuzwa kwa mawakala wa mbali zaidi, kwa Fuso za kukodi, na vibarua wa zamu ya pili wakaajiriwa moja kwa moja. Kama ndivyo, kukua kwa biashara kumegharimu zaidi ya kulivyoleta. Chati haithibitishi hilo. Inaonyesha kwamba gharama hizo zimepanda, haisemi kwa nini, na jibu litapatikana kwenye vitabu vya safari za magari na orodha ya mishahara. Ila sasa mwenye kiwanda anajua vitabu viwili vya kufungua kwanza.

Kuna usomaji mmoja wa kujihadhari nao sana. Mtu atanyoosha kidole kwenye nguzo ya mahindi na kusema: bila hii tungepata faida ya milioni 79. Asingepata. Bei ya unga ilipanda kwa sababu mahindi yalipanda; wasagaji wote walipandisha, ndiyo maana wateja walikubali. Mahindi yangebaki shilingi 600, kiroba kisingeuzika 33,000. Nguzo zinasimama kila moja peke yake kwenye karatasi, lakini sokoni zinashikana mikono, na huwezi kung'oa moja ukaiacha nyingine imesimama. Ndiyo sababu nyingine ya kuziweka hizo mbili pamoja, na baadhi ya wahasibu huziunganisha kuwa nguzo moja ya pungufu ya 6. Mimi naona ni bora zibaki mbili kwa wasomaji wa ndani, kwa sababu wanahitaji kuona ukubwa wa kila upande, na ziunganishwe kwa wageni kama vile afisa mikopo wa benki.

Afisa huyo pia aambiwe kwamba hii ni faida, si pesa taslimu. Kiwanda kinachojaza ghala wakati wa mavuno, mahindi yakiwa rahisi, kinaweza kuwa na faida ya 37 na akaunti tupu, kwa kuwa pesa imelala kwenye magunia ambayo hayajasagwa. Chati ya maporomoko ya pesa taslimu ipo, inachorwa kwa namna hiihii, ila inaanza na salio la benki la mwanzo wa mwaka na kuishia na la mwisho wa mwaka. Zisichanganywe kwenye karatasi moja.

Tukirudi kwenye zile shilingi 500 ambazo bei ya unga imepungukiwa kwa kila kiroba: ukizizidisha kwa viroba 12,000 unapata milioni 6. Kama sembe ingeuzwa 33,500 na viroba vyote vikatoka, faida ingekuwa 43, pungufu ya milioni moja tu kuliko mwaka jana, hata usafiri na mishahara vikibaki vilivyo. Kama viroba 12,000 vingetoka kwa bei hiyo ni swali la kuwauliza mawakala kabla mahindi mapya hayajafika Kibaigwa.